Demo ya pampu shambani: kisa cha barua pepe mbili kutoka Arusha

Masika yakiwa yamekolea, mwezi wa Aprili, kampuni moja ya kuuza pampu za umwagiliaji mjini Arusha iliwaandikia mameneja wapatao hamsini wa mashamba makubwa ya kahawa, maua na mboga chini ya Mlima Meru. Ilikuwa inawapa ofa ya kuleta pampu shambani na kuiwasha mbele yao bila malipo. Nimeyaacha majina yote, na barua nimezifupisha kidogo, ila hesabu zimebaki kama zilivyopimwa. Hii ndiyo iliyotumwa kwanza:

> Kichwa: FURSA YA KIPEKEE – DEMO YA BURE YA PAMPU ZA KISASA!!
>
> Ndugu Meneja,
>
> Sisi ni wauzaji wakuu wa pampu bora za umwagiliaji. Pampu zetu zina nguvu kubwa, zinatumia mafuta kidogo na zinatoa maji mengi kuliko pampu nyingine yoyote sokoni. Tunapenda kufika shambani kwako kwa demo ya bure, siku yoyote utakayochagua, ili ujionee mwenyewe. Tafadhali pitia kijitabu kilichoambatishwa. Wahi sasa, nafasi ni chache!

Majibu yalikuwa ya kuhesabu kwenye vidole. Lililo muhimu lilitoka kwa meneja wa shamba la kahawa juu ya Tengeru, na lilikuwa la mstari mmoja: "Ahsanteni. Lambo limejaa, simwagilii hadi Julai. Mtanionyesha nini?"

Kijana wa mauzo alilichukulia kama dharau. Mimi niliposomewa nililiona kuwa swali la haki, tena ndilo swali pekee ambalo barua ile ilipaswa kulijibu kabla halijaulizwa. Meneja wa shamba kubwa hana haja ya kuambiwa kwamba pampu hutoa maji. Anataka kujua pampu hii, kwenye bomba lake, kwa mwinuko wake, mwezi ambao lambo limeshuka, itatoa mita ngapi za ujazo kwa saa na itakunywa lita ngapi za dizeli kuzitoa. Barua ya Aprili haikuwa na tarakimu hata moja. Ilisema "maji mengi" kwa mtu ambaye kibali chake cha kutumia maji, kutoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani, kimeshataja kiasi anachoruhusiwa kuchukua. Kwake yeye maji mengi zaidi si lazima yawe faida. Yanaweza kuwa kesi na majirani wa chini ya mfereji.

Shamba moja la mboga lilikubali, na demo ikafanyika Mei. Pampu ilishushwa kando ya lambo, bomba la kunyonya likatumbukizwa, upande wa kutolea likafungwa bomba fupi lililoachwa wazi. Maji yaliruka ng'ambo ya pili. Watu walipiga picha, meneja akashukuru, soda zikanyweka, na hapakuwa na oda.

Hapakuwa na oda kwa sababu maji yanayoruka hewani hayapimi kitu. Pampu ya aina hii, ile inayosukuma maji kwa impela inayozunguka, hutoa maji kulingana na mzigo uliowekwa mbele yake. Ukiiachia bomba wazi, mzigo ni mdogo mno na maji yanakuwa mengi kupindukia. Ukiifunga kwenye bomba la shamba lenye mwinuko, chujio na mipira ya matone, maji yanapungua na presha inapanda. Pampu mbili zinaweza kurusha maji sawasawa kando ya lambo, kisha moja ikashindwa kabisa kufikisha maji kitalu cha juu. Meneja mzoefu analijua hilo hata kama hakusoma hesabu zake, kwa hiyo anafurahia picha na kufunga mkoba wake.

Tatizo la pili la Mei ni lambo lenyewe. Masika lilikuwa limejaa hadi karibu na mdomo, na pampu ilinyonya kwa kina cha mita moja na nusu tu. Kiangazi maji ya malambo ya ukanda ule hushuka mita kadhaa, na hapo ndipo pampu hujulikana tabia.

Mwezi wa Agosti barua iliandikwa upya. Safari hii haikwenda kwa wote. Ilikwenda kwa mashamba yenye mambo matatu kwa pamoja: yanavuta kutoka lambo au mto, yanatumia injini ya dizeli, na yanamwagilia kwa matone. Wenye pampu za umeme waliandaliwa barua yao, kwa kuwa kwao kipimo ni uniti za umeme kwa mita ya ujazo na mazungumzo ni mengine. Kila meneja alitumiwa barua yake peke yake. Ile ya Aprili ilikuwa na anwani zote hamsini zikionekana, na meneja mmoja wa maua hakupendezwa kuona washindani wake wanajua nani anatafuta pampu. Kijitabu kizito kiliondolewa, pakabaki ukurasa mmoja wenye mchoro wa uwezo wa pampu.

> Kichwa: Kupima lita za dizeli kwa mita ya ujazo kwenye pampu yako ya lambo – nusu siku, Septemba
>
> Ndugu Meneja,
>
> Habari za kazi. Tunaandikia mashamba ya matone kati ya Tengeru na Usa River yanayovuta maji ya lambo kwa dizeli.
>
> Tunaomba nusu siku moja mwezi wa Septemba, lambo likiwa limeshuka. Kwanza tutapima pampu yako jinsi ilivyo: mita za ujazo kwa saa, presha, na lita za dizeli. Kisha tutafunga yetu mahali hapohapo, kwenye bomba lako na kitalu kilekile, na kupima vilevile. Utabaki na karatasi ya vipimo vyote viwili, ununue usinunue.
>
> Kumwagilia kutasimama kwa saa tatu hivi. Pampu yako itakuwa imerudishwa na inafanya kazi kabla hatujaondoka, hata kama yetu imegoma. Dizeli ya pampu yetu ni juu yetu. Boliti, gasketi na mafundi wawili tunakuja nao.
>
> Ili tujue kama inafaa kuja, tunaomba vitu vitatu: (1) kutoka pampu hadi usawa wa maji ni mita ngapi sasa, (2) geji ya presha inasoma ngapi ukifungua kitalu cha juu kabisa, (3) picha ya flanji zako mbili, rula ikiwa imewekwa juu ya matundu ya boliti.
>
> Kama kina cha kunyonya kinazidi mita 5, pampu hii haikufai na tutakuambia tusije.

Mstari wa mwisho ulileta ubishi ofisini. Mkuu wa mauzo aliona ni kumfukuza mteja mlangoni. Ulibaki kwa sababu ya hesabu, na hesabu yenyewe inafaa kuelezwa taratibu, maana ndiyo inayotenganisha demo ya Arusha na ya Dar es Salaam.

Pampu iliyo juu ya maji haiyavuti kama mtu anavyovuta kamba. Inaondoa hewa kwenye bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Pwani uzito huo ni sawa na maji ya kina cha mita 10.3. Kwenye mwinuko wa mita 1,300 juu ya bahari, ambako liko shamba la yule meneja wa kahawa wa juu ya Tengeru, unabaki kama mita 8.8. Toa kina cha kunyonya, mita 4.5. Toa msuguano wa bomba na wa futivalvu, ile valvu yenye chujio iliyo mwisho wa bomba ndani ya maji, tuseme mita 0.8. Toa mita 0.3 ambazo ni za mvuke wa maji yenyewe. Zinabaki mita 3.2. Hicho ndicho kinachofika kwenye mdomo wa impela. Kila pampu ina kiwango chake cha chini inachokihitaji hapo, kimeandikwa kwenye mchoro wake, na kiwango hicho hupanda kadiri maji yanavyoongezeka. Pampu hii ilihitaji mita 2.4 ikitoa mita za ujazo 90 kwa saa, na zaidi ya mita 4 ikipita 130.

Kwa hiyo kwenye mita za ujazo 90 ilikuwa salama, na nafasi ya sentimita 80. Nusu mita nyingine ya lambo kushuka na nafasi hiyo inakuwa finyu mno. Ndiyo maana ya ile mita 5. Pampu hiyohiyo ikiwekwa Bagamoyo kwa kina kilekile ingekuwa na mita moja na nusu ya ziada, na fundi aliyezoea pwani asingeona sababu ya kuuliza.

Meneja wa "mtanionyesha nini?" alijibu siku iliyofuata. Alituma picha ya flanji, geji inasoma baa 4.6, na kina cha mita 4.5 alichokipima mwendesha pampu wake kwa kamba yenye jiwe. Picha hiyo peke yake iliokoa safari. Flanji, yaani sahani za chuma zinazounganisha bomba na pampu kwa boliti, za shamba zilikuwa za zamani, za vipimo vya Kiingereza, na za pampu mpya zilikuwa za kipimo cha metriki cha PN16. Kwa bomba la milimita 150 zote mbili zina matundu nane, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Lakini duara la boliti la ile ya zamani lina milimita 235 na la PN16 lina 240. Boliti mbili zinaingia, ya tatu inagoma, na hapo fundi huomba msumeno. Vipande viwili vya kuunganishia vilichomelewa mjini kabla ya siku yenyewe.

Siku ya demo ilianza na pampu ya zamani, na hapa ndipo wauzaji wengi huharakisha. Mita ya mawimbi ya sauti, ile inayofungwa nje ya bomba, iliwekwa upande wa kutolea. Mita hii inataka bomba lililonyooka, urefu wa kipenyo mara kumi kabla yake na mara tano baada yake. Kwa bomba hili ni mita moja na nusu kabla na sentimita 75 baada. Ukiifunga karibu na kona inasoma lolote. Geji mbili zilifungwa, moja upande wa kunyonya na nyingine upande wa kutolea. Kilifunguliwa kitalu cha juu peke yake, na meneja aliandika namba yake kwenye karatasi ili kisije kubadilishwa.

Dizeli ilipimwa kwa dumu lenye alama za lita, si kwa tangi la shamba. Ulizuka mtego ambao huharibu vipimo vingi: injini ya dizeli haichomi mafuta yote inayovuta. Yanayobaki yanarudi kwa bomba dogo. Fundi alichomoa bomba la kuvutia akalitia kwenye dumu, akasahau la kurudishia, nalo likaendelea kumimina kwenye tangi la shamba. Dakika kumi za kwanza zilionyesha injini ya zamani inakunywa kama lori. Kijana wa mauzo hakusema neno, na sijui kama alikuwa ameona. Aliyeona ni mzee mwendesha pampu.

"Kijana, huo mrija mwingine mbona unajaza tangi letu?"

"Ahsante mzee, tumeuruka."

Mrija ukaingizwa dumuni na saa ikaanza upya. Kipimo cha mwanzo kingependeza sana kwenye karatasi ya muuzaji, kisha kingemfuata mwezi wa kwanza baada ya mauzo, pale mteja angeona akiba haitokei.

Kwa saa moja kamili ya kazi tulivu pampu ya zamani ilitoa mita za ujazo 74 kwa lita 6.8. Ni lita 0.092 kwa kila mita ya ujazo. Geji ya kunyonya ilikuwa baa 0.65 chini ya usawa wa hewa. Namba hii ilinishtua zaidi ya zile nyingine. Kina cha mita 4.5 na msuguano wa kawaida vingetoa baa 0.53 hivi. Tofauti hiyo, zaidi ya mita moja ya maji, ilikuwa inaliwa mahali fulani ndani ya bomba la kunyonya, na mahali penyewe huwa ni chujio la futivalvu.

Watu wa kampuni wakashauriana pembeni. Kuitoa futivalvu na kuisafisha maana yake ni kuipa nguvu pampu ya mshindani, tena kwa gharama ya muuzaji na muda wake. Lakini bomba lilelile ndilo ambalo pampu mpya ingelitumia. Ukilisafisha baada ya kupima ya zamani na kabla ya kupima mpya, umedanganya. Ukiliacha lilivyo, pampu mpya inaingia kwenye kunyonya kubaya na inaweza kunguruma mbele ya mteja. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kusafisha na kupima ya zamani mara ya pili. Futivalvu ilitoka imefunikwa na majani na utelezi wa kijani. Iliporudishwa, kunyonya kulisoma baa 0.53, na pampu ya zamani ikapanda hadi mita za ujazo 82 kwa lita 6.9, yaani lita 0.084.

Kazi hiyo ilikula dakika arobaini. Saa tatu zilizoahidiwa kwenye barua zilianza kubana, na meneja alitazama saa yake mara kwa mara. Ingekuwa bora barua ingesema tangu mwanzo kwamba chujio litasafishwa, au ingemwomba alisafishe jana yake.

Pampu mpya, ikiwa na injini yake, ilifungwa mahali hapohapo. Ikajazwa maji, ikawashwa, valvu ya kutolea ikafunguliwa polepole. Ilitoa mita za ujazo 90, baa 5.4 upande wa kutolea, kwa lita 5.7 za dizeli. Lita 0.063 kwa mita ya ujazo.

Mtu anaweza kuzihakiki namba hizi kwa kalamu. Mzigo wote wa shamba lile kwa mita za ujazo 90 ni kama mita 60: kunyonya 4.5, kupanda hadi kitalu cha juu 28, msuguano wa bomba kuu na vyujio karibu 14, na presha inayohitajika kwenye mipira ya matone 13.5. Zidisha 90 kwa 60, gawanya kwa 367, namba inayogeuza hesabu hiyo kuwa kilowati, unapata kilowati 14.7 ambazo maji yenyewe yamezipokea. Pampu nzuri ya ukubwa huu hupoteza zaidi kidogo ya robo ya nguvu inayopewa, kwa hiyo injini ilikuwa inatoa kilowati 20 na ushee. Injini ndogo ya dizeli iliyo katika hali nzuri hunywa karibu lita 0.27 kwa kila kilowati kwa saa. Jibu linaangukia lita tano na nusu hadi sita. Kama dumu lingesema lita nne, ningetafuta mrija uliosahauliwa.

Baada ya vipimo, vijana wa shamba waliomba kuona maji yakiruka, kama walivyosikia yaliruka kwa jirani. Valvu ya kusafishia bomba ikafunguliwa wazi. Mita ilipita 130, na ndani ya pampu kukaanza mlio wa kokoto zikisagwa, sindano ya geji ikitetemeka. Ndicho kile tulichokihesabu: impela ilihitaji zaidi ya mita 4 na mbele yake zilikuwepo 3.2, au pungufu, kwa kuwa maji mengi huongeza na msuguano. Maji yanachemka bila joto, mapovu yanapasuka kwenye chuma, na impela ikifanyishwa hivyo kwa wiki kadhaa inatobokatoboka. Valvu ilifungwa haraka. Meneja aliuliza kwa nini, akaelezwa, na nadhani dakika zile mbili za kelele zilimwambia zaidi ya dakika zote za ukimya. Mei, lambo likiwa limejaa, mlio huo usingesikika.

Sasa ikaja barua ya kufuatilia, ambayo kwa maoni yangu ni ngumu kuliko ile ya mwaliko. Kijana wa mauzo aliandika rasimu yenye sentensi moja nene: "Utaokoa karibu lita 5,800 za dizeli kwa mwaka." Hakuwa amedanganya hesabu. Shamba linasukuma kama mita za ujazo 200,000 kwa mwaka, na tofauti ya 0.092 na 0.063 ni 0.029. Lakini zaidi ya robo ya akiba hiyo ililetwa na mtu aliyesugua chujio kwa brashi, na meneja alikuwepo akitazama. Barua iliyotumwa ilisomeka hivi:

> Ndugu Meneja,
>
> Ahsante kwa kutupokea. Vipimo ulivyotia saini vimeambatishwa.
>
> Pampu yako kabla ya kusafisha futivalvu: lita 0.092 kwa mita ya ujazo. Baada ya kusafisha: 0.084. Pampu na injini yetu: 0.063.
>
> Kwa mita za ujazo 200,000 kwa mwaka, kusafisha chujio peke yake ni akiba ya lita 1,600 hivi, nayo huhitaji kununua chochote. Seti yetu inaongeza lita 4,200 hivi juu ya hapo. Zidisha kwa bei ya dizeli unayonunulia.
>
> Hatukuweza kutenganisha akiba ya pampu na akiba ya injini, kwa kuwa zote zilikuwa mpya kwa pamoja. Kina kikizidi mita 5, usiiendeshe kwa vitalu viwili kwa wakati mmoja.
>
> Tumeambatisha bei mbili: seti kamili, na pampu peke yake ikifungwa kwenye injini uliyonayo, pamoja na kapling na fremu mpya.

Kwa nini kutaja kwamba pampu na injini hazikutenganishwa? Kwa sababu meneja angeuliza, na asipouliza yeye, mhasibu wake angeuliza. Pampu ya zamani ilikuwa imechakaa pete za ndani, maji yakirudi nyuma kutoka upande wa presha. Injini nayo ilikuwa na nozeli za miaka mingi na moshi mweusi kidogo. Nani kati yao alikuwa anakula lita ngapi, jaribio la siku ile halisemi. Kujua kungehitaji kufunga pampu mpya kwenye injini ya zamani, kunyoosha kapling, kiungo cha injini na pampu, kwa geji, na kupima tena, kazi ya siku nzima ambayo hakuna meneja angeiruhusu kahawa ikiwa inahitaji maji.

Lipo jambo lingine ambalo barua haikuligusa na ilipaswa. Tofauti ya mita za ujazo 82 na 90 si akiba ya dizeli tu, ni saa pia. Mita za ujazo 200,000 kwa pampu ya zamani iliyosafishwa ni kama saa 2,440 za kazi, na kwa mpya ni 2,220. Saa 220 pungufu za mwendesha pampu, za oili na filta. Tena kibali cha maji hakivunjwi, kwa sababu shamba linasukuma maji yaleyale kwa muda mfupi zaidi. Kwa mtu aliyewahi kuogopa neno "maji mengi", hilo lilikuwa la kuandikwa mstari wa pili.

Meneja alijibu baada ya wiki mbili. Alichukua pampu peke yake, bila injini. Nozeli za injini ya zamani alizipeleka kwa fundi wa dizeli mjini, na kwenye oda akaweka sharti kwamba nusu ya malipo ya mwisho itatoka baada ya kupimwa tena, kwa dumu lilelile na kitalu kilekile. Mkuu wa mauzo alilalamika kuhusu sharti hilo kwa siku mbili tatu, kisha akalikubali. Kipimo cha Januari, pampu mpya kwenye injini ya zamani iliyosafishwa nozeli, kilitoa mita za ujazo 88 kwa lita 5.9. Gawanya: 0.067. Malipo yalitoka wiki hiyo, na chini ya hundi mzee mwendesha pampu alikuwa ametuma ujumbe kupitia kwa meneja, akiomba aletewe brashi ndefu ya kusafishia futivalvu bila kuitoa majini.